Ijumaa Mubarak, ndugu zetu katika imani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii tumezika, na wapo miongoni mwetu wanaouguza. Kwao hasa ndiyo salamu hii.

Aliyefiwa huambiwa "subiri" kana kwamba machozi ni upungufu wa imani. Sivyo. Nabii Yaakub (a.s.) alipompoteza Yusuf alisema, "Subira njema," na bado alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Alipolaumiwa na wanawe, alijibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake (Surat Yusuf, aya ya 86). Alilia, lakini hakukata tamaa na rehema ya Mola wake. Mimi naona faraja kubwa sana hapo.

Mtume wetu (s.a.w.) alifundisha kuwa subira ni ile ya pigo la kwanza, habari inapofika na ulimi uko karibu kuteleza. Ndipo tunaposema Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Leo tukisoma Surat al-Kahf, tutue kidogo kwenye kisa cha Musa (a.s.) na Khidhr. Hata Nabii aliambiwa hataweza kuvumilia.

Tukithirishe kumswalia Mtume, na baada ya swala tupitie nyumba ya wafiwa. Wakitaka kulia, tukae nao tu.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu marehemu wetu, utumiminie subira. Aamiin.