Wimbo wa Saba

Mche wa sabuni nilikuwa nao mkononi, noti ya elfu tano iko juu ya kaunta, na Mama Kulwa anachakura chenji kwenye kopo la maziwa ya unga, gitaa lilipoanza kulia. Gitaa moja tu, jembamba, linapanda hatua nne kisha linashuka tatu, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu alichokiacha ndani. Nikasahau chenji.

"Mama, huu wimbo unaitwaje?"

"Upi?"

"Huu unaolia."

Akageuka akaitazama spika iliyoning'inia kati ya ndoo na mifagio. "Huo? Huo umo tu humo."

Saksafoni ikaingia, umeme ukakatika. Kabisa. Hata friji ya soda ikanyamaza.

Kwetu ni Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako ukilala pembeni mwa barabara utaamka umefunguliwa boliti. Baba ni fundi magari, na alikuwa na radio ya kaseti iliyojaa grisi mpaka huwezi kusoma maandishi yake. Kila jioni aliweka kanda ileile. Gitaa likipanda hatua zile nne, sisi watoto tunajua: kusanya spana, viringisha tairi, rudisha jeki. Wimbo unaisha, mlango umefungwa. Haukuwa na jina. Baba alikuwa anasema tu, "Weka ule wa kufunga." Nilipokuwa darasa la sita radio ikaimeza kanda, naye akaivuta taratibu kama anayetoa utumbo wa samaki, ikamkatikia mkononi. Tangu hapo anaupiga mluzi, akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo unayoiona.

Nipo Mwanza mwaka wa pili sasa, nasoma uuguzi Bugando. Nimeshazoea kupanda kile kilima na kushuka, na nimezoea kuchekwa. Nikisema ndagala, wananirudisha: dagaa. Nikitaja faranga badala ya shilingi, muuza nyanya anamwita jirani yake aje asikie. Sijawahi kukasirika. Ila siku ile umeme ulipokatika pale dukani nilikasirika mpaka nikaondoka bila sabuni.

Usiku nikampigia Baba.

"Baba, ule wa kufunga, jina lake unalijua?"

"Jina?" Akafikiri. "Ule ni ule."

"Nimeusikia leo. Dukani."

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani bando limeisha. Halafu akasema, kwa sauti aliyoniagia nayo stendi siku naondoka, "Mwanangu, usiuache."

Kesho yake nikarudi kwa Mama Kulwa. Alinipa sabuni yangu na chenji yangu, akaniambia flashi ilijazwa na kijana mmoja Makoroboi, elfu mbili, nyimbo tele. Kabla ya kwenda nikamwomba aurudie ili programu ya simu, ile ya kutambua nyimbo, iusikilize. Ikausikiliza mara tatu. Mara ya tatu ikaniletea kwaya.

Makoroboi ni pale ambako makopo yalikuwa yanageuzwa taa. Siku hizi kila kitu kinageuzwa kitu kingine. Kijana alikuwa na kompyuta ya mapajani juu ya meza ya kioo, na foleni ya makonda na wauza maduka. Akapekua, akaupata, akanigeuzia skrini nisome mwenyewe:

Track 07.mp3

"Hilo si jina," nikasema.

"Dada, kwenye mashine ndilo jina."

"Na mwimbaji?"

Akanionyesha na pale. Unknown artist. Akaona uso wangu, akanionea huruma. "Hizi nazitoa kwenye kanda za babu mmoja Kirumba. Fundi radio. Ukifika Mwaloni ulizia mzee wa kaseti, hata watoto wanamjua."

Nikapanda daladala. Mwaloni humkosi, pua inakupeleka: magunia ya dagaa yamepangwa kama kuta, wapakiaji wanakimbia na mizigo mgongoni, na katikati ya kelele nikasikia Kirundi. Wanawake wawili wa kwetu wanabishana bei ya gunia. Siku nyingine ningesimama.

Kibanda cha mzee kilikuwa nyuma, kimejaa radio zilizofunguliwa matumbo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Wewe si wa hapa."

"Natoka Bujumbura."

"Aa, ndagala!" akasema, vilevile tunavyolitamka sisi, nikataka kumkumbatia.

Nikamwimbia. Sina sauti, lakini hatua nne juu na tatu chini haziimbiki vibaya. Hakunijibu. Alisimama juu ya ndoo, akavuta boksi la viatu, akatoa kanda moja bila hata kutafuta. Kwenye karatasi ya kasha kulikuwa na orodha kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kulala. Nikasoma mmoja mmoja kwa kidole. Nyimbo sita.

"Wa saba uko wapi?"

"Wa saba ni wa kujazia." Akaketi. "Kanda ya dakika 60, kila upande 30. Mteja analeta orodha yake, mimi namrekodia. Zikibaki dakika nne tupu analalamika kwamba nimempunja. Basi usiku nafungua radio, natafuta chochote, najazia. Enzi hizo usiku masafa ya kati yanasafiri, unapata Nairobi, unapata Kampala, unapata huko kwenu. Ule niliudaka usiku hivyo."

"Mtangazaji hakuutaja?"

Mzee akautazama mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo.

"Aliutaja. Mwanzoni kabisa. Mimi kidole kilichelewa. Nilipobonyeza, jina lilishapita, na kipande cha mwanzo cha wimbo nacho kikapita. Mteja mwenyewe hakurudi kuichukua kanda. Miaka yote hii naisikiliza, kila mara inaanzia palepale nilipochelewa."

Akaweka betri nne kwenye radio, akachomeka kalamu kwenye tundu la kanda akaizungusha kukaza mkanda, akabonyeza. Gitaa likapanda. Nikampigia Baba haraka, nikaisogeza simu kwenye spika.

Baba alisikiliza wote, hadi saksafoni, hadi chemko la mwisho ambapo sisi tulikuwa tunasukuma mlango. Nilisikia nyundo ya mtu inagonga bati nyuma yake, kisha nikamsikia akimwambia mtu huyo anyamaze. Wimbo ukaisha.

"Ndiwo," akasema. Halafu sauti yake ikawa ya fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. "Lakini huo umeanzia katikati."

Mzee akainua kichwa.

"Katikati vipi, Baba?"

"Kabla ya gitaa kuna maneno. Wa kwangu ulikuwa nayo. Mtu anakohoa kwanza, anasema jambo kwa Kilingala, sijui nini lakini nayajua yalivyokaa. Halafu tumba mbili, halafu ndiyo gitaa. Nikupigie?"

"Ngoja, ngoja," mzee akasema. Alikuwa ameshainuka. Akaangusha boksi la bisibisi, akaokota kanda nyingine juu ya kabati, akaipuliza vumbi, akaziba tundu lake la juu kwa kipande cha karatasi kilichotafunwa. Akaizungusha kwa kalamu mpaka ule ukanda mweupe wa mwanzo, usiorekodi kitu, ukapita wote. Akaiingiza. Akaivuta simu yangu karibu na radio.

"Shikamoo mzee," Baba akasema, maana hakujua ni nani.

"Marahaba. Usianze bado, ndugu yangu."

Akaweka vidole viwili juu ya vitufe, chekundu na kile cha pembeni yake, akavibonyeza pamoja. Akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mpaka tatu.

"Haya. Kohoa."