Barua ya Kuombea Mkopo wa Mtaji wa Duka, Sh. 20,000,000

Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Barabara ya Njombe,
Makambako.
10 Machi 2025

Meneja wa Tawi,
Makambako.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA MKOPO WA SH. 20,000,000 KWA AJILI YA KUNUNUA MZIGO WA MSIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wiki iliyopita afisa mikopo wako alipitia hesabu zangu za mwaka 2024, akakwama kwenye swali moja: kama duka linapata faida, mbona halina fedha? Swali ni la haki, na ndilo ninalolijibu hapa.

Mwaka jana niliuza Sh. 186,000,000. Baada ya kutoa gharama ya bidhaa, Sh. 152,520,000, faida ghafi ilikuwa asilimia 18. Pango, mishahara ya vijana wawili, usafiri na umeme vilichukua Sh. 14,880,000, ikabaki faida ya Sh. 18,600,000. Nililipa kodi ya mapato Sh. 3,516,000 na kujitolea Sh. 600,000 kila mwezi kwa matumizi ya nyumbani. Zilizobaki, Sh. 7,884,000, zote zimelala stoo: mzigo ulipanda kutoka Sh. 23,116,000 hadi Sh. 31,000,000.

Fedha taslimu zilikwenda hivi (kwa mamilioni ya shilingi):

| Kipindi | Zilizoingia | Zilizotoka | Salio |
|---|---|---|---|
| Mwanzo wa mwaka | | | 6.0 |
| Januari–Machi | 29.0 | 32.4 | 2.6 |
| Aprili–Juni | 38.5 | 40.6 | 0.5 |
| Julai–Septemba | 63.0 | 58.8 | 4.7 |
| Oktoba–Desemba | 53.3 | 54.2 | 3.8 |

Tazama mwisho wa Juni. Mvua zimekatika, watu wameanza kuuza mahindi na viazi, kila mwenye msingi anataka kupaua, na mimi nina laki tano. Julai alikuja mteja anataka bati 84 za rangi moja. Nilikuwa nazo 30. Akapanda gari kwenda Njombe. Wateja wa namna hiyo huwa nawaandika kwenye daftari, na kati ya Julai na Septemba jumla yao ilifika Sh. 11,300,000.

Chanzo ni siku. Mzigo wangu unakaa wastani wa siku 65 kabla ya kuuzwa, lakini wauzaji wa jumla nawalipa ndani ya siku 37. Ndiyo maana uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi unapendeza, 2.5 (Sh. 41,000,000 kwa Sh. 16,400,000), ila ukiondoa mzigo unashuka hadi 0.61. Sitaki kuupamba huo wa pili. Ni mbaya.

Kwa mizania ya 31 Desemba, mkopo huu utapandisha madeni yangu kutoka 0.49 hadi 1.08 ya mtaji wangu wa Sh. 33,600,000. Pia faida yangu peke yake haiwezi kurejesha milioni 20 ndani ya mwaka mmoja. Nakuambia mapema kabla hujaigundua mwenyewe. Atakayelipa ni mzigo: saruji na bati za Sh. 20,000,000, kwa faida yangu ya kawaida, zinauzwa takriban Sh. 24,390,000.

Naomba fedha zitoke 1 Mei, kwa riba aliyonitajia afisa wako ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mei na Juni nilipe riba tu. Julai hadi Desemba nirejeshe Sh. 2,500,000 kila mwezi, na Januari hadi Aprili Sh. 1,250,000, kwa sababu miezi hiyo ada za shule zinamaliza fedha za wateja wangu. Riba yote itakuwa Sh. 2,025,000. Nikiwalipa wauzaji wa jumla taslimu napunguziwa asilimia 4, yaani Sh. 800,000 kwa mzigo wa kwanza. Riba inayobaki inahitaji mauzo ya ziada ya kama Sh. 6,810,000, pungufu ya yale ya kwenye daftari.

Jambo moja linaninyima usingizi kuliko riba: mauzo yakivuka Sh. 200,000,000 nitatakiwa kujisajili VAT, na wateja wangu wengi ni watu binafsi wasioweza kuidai. Mhasibu wangu anapanga upya bei kabla ya Julai.

Dhamana ni nyumba yetu yenye hati. Mume wangu ameridhia kwa maandishi. Nimeambatanisha ridhaa hiyo, taarifa ya akaunti ya miezi 12, ripoti za mashine ya EFD, leseni ya biashara na nakala ya daftari.

Kama marejesho ya msimu hayawezekani, naomba unijulishe kabla ya tarehe 15 Aprili. Marejesho sawa ya kila mwezi yatanibana Februari, na hapo ningeomba kiasi kidogo zaidi.

Wako mtiifu,

Tumaini Sanga
Mmiliki