Ujumbe wa kuagana na wenzangu wa kituo cha hali ya hewa: dakika mbili, na yaliyokatwa

Ndugu Meneja wa Kituo, wenzangu waangazi na watabiri, mafundi wa mitambo, walinzi wetu, na majirani zetu wa mnara wa kuongozea ndege hapa Mtwara: nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake.

Ijumaa hii ninatimiza miaka 60 na ninastaafu kwa mujibu wa sheria. Mshereheshaji wetu, ambaye ukali wake kuhusu muda mnaufahamu, amenipangia dakika mbili baada ya risala ya wafanyakazi na kabla ya chakula, na amenitamkia wazi kwamba pilau haitapoa kwa ajili yangu. Rasimu niliyokuwa nimeiandika ilijaza fulskepu kumi na moja. Binti yangu alikaa nami jikoni akiwa na kalamu nyekundu, akanisikiliza kwa subira mpaka nilipofika kwenye historia ya Idara, ndipo akaniuliza kama anayestaafu ni mimi au ni Idara. Tukaanza kukata. Nimeyaweka hapa maneno yenyewe kama nitakavyoyasoma, kwa kuwa wawili wenu mtakuwa zamu saa hiyo, na kazi yetu haina likizo ya sherehe. Baada yake nimeambatanisha baadhi ya yaliyokatwa, yale ambayo roho iligoma kuyatupa.

*Nitakayoyasema Ijumaa*

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu Meneja, wenzangu wapenzi,

Nilifika kituo hiki mwaka 1988 nikiwa na sanduku la bati, cheti cha chuo cha Kigoma, na woga mwingi. Mzee wa zamu aliyenipokea hakukiomba cheti. Alinipeleka uwanjani, akakifungua kile kibanda cheupe cha vipimajoto, akaniambia nisome, kisha akasoma yeye. Namba zetu zilipolingana akasema, “Haya mwanangu, umeshafika nyumbani.” Ametangulia mbele ya haki, na ninamtaja wa kwanza kwa sababu mengi mnayosema nimewafundisha mimi yalikuwa yake.

Nawashukuru ninyi mliopokezana nami zamu. Wiki zote mama yangu alipokuwa amelazwa Ligula, jina langu halikuonekana hata mara moja kwenye zamu ya usiku. Hamkuitisha kikao wala hamkuniambia. Niliona tu saini zenu daftarini, mahali ambapo ingekuwa yangu. Sijawahi kulisema hilo mbele za watu. Leo nalisema: ahsanteni sana.

Fundi wetu, uliyepanda mlingoti wa kipimaupepo siku ambayo sote tulikusihi usipande, ahsante, na usirudie. Mlinzi wetu wa alfajiri, uliyewafukuza mbuzi uwanjani kwa heshima kana kwamba ni wageni waliokosea mlango, ahsante baba. Watabiri, mmenibandika jina la Mama Sifuri, kwa kuwa sikukubali siku ya ukame iachwe wazi daftarini. Jina hilo ninaondoka nalo, sitalirudisha stoo.

Vijana wangu, mitambo inayojiendesha yenyewe inasoma vizuri kuliko macho yangu ya sasa, nami naifurahia. Ninachowaomba ni kimoja: kabla hamjatuma taarifa, tokeni nje mkaangalie juu.

Mlinipokea msichana, mnaniaga bibi wa wajukuu. Nimefurahi kuzeeka pamoja nanyi. Karibuni chakula.

*Baadhi ya yaliyokatwa*

Hapo ndipo dakika mbili zinapoishia, na nimezipima kwa saa ya ukutani nikisoma kwa mwendo wa kawaida, nikiacha nafasi ya kicheko kimoja kwenye mbuzi.

Kilichoondoka mwanzo kabisa ni safari. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima kuhusu barabara ya Dar es Salaam kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tulipokuwa tukivuka Rufiji kwa kivuko na masika yakikukuta njiani umekwisha. Vijana mliozaliwa na daraja mnadhani wazee tunatia chumvi. Nimewasamehe, na karatasi nimeichana.

Ya pili ilikuwa habari za vifaa. Nilitaka kulieleza lile tufe la kioo lililokusanya mwanga wa jua na kuchoma mstari kwenye karatasi ngumu, ili jioni tupime urefu wa mstari na kujua jua liliwaka saa ngapi. Nilitaka pia kuvieleza vipimajoto vya zebaki, ambavyo ulilazimika kuinama mpaka jicho lilingane na ncha ya zebaki, kwa sababu ukisoma ukiwa umesimama juu yake namba inakudanganya. Na kile cha pili chenye kitambaa kinachonyonya maji safi, ambacho kitambaa chake kikichafuka kwa vumbi la uwanja, unyevu wa Mtwara nzima unakosewa. Mkataba wa Minamata ulipotaka vifaa vya zebaki viondoke sokoni ifikapo mwaka 2020, nilielewa sababu yake, kwa maana zebaki ni sumu na tulikuwa tukiishi nayo kizembe duniani kote. Hata hivyo, namkumbuka mzee wangu kila ninapoiona skrini, kwa sababu skrini haimlazimishi mtu kuinama.

Kuhusu sifuri, nilikuwa na maelezo marefu ambayo binti yangu aliyaita mahubiri, nami nayafupisha hivi. Saa tatu asubuhi unafungua kipimamvua. Milimita moja ndani yake ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba ya ardhi, na hilo kila mtu analiheshimu. Lakini ukikikuta kikavu ukaandika 0.0, umesema kwamba ulitoka, ukaangalia, na mvua haikunyesha. Ukiacha pakiwa wazi, hujasema lolote, na atakayelifungua daftari hilo miaka thelathini baadaye hawezi kujua kama kulikuwa na ukame au mwangazi alikuwa amelala. Mkulima anayetaka kujua ukame wa mwezi wa pili umekuwa ukimrudia mara ngapi anahesabu sifuri zetu.

Kilichoniuma zaidi kukikata ni usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 2019. Wengi wenu mlikuwepo. Wiki chache tu nyuma yake Idai alikuwa ameivunja Beira, na sasa kimbunga Kenneth, kikiwa kimepita karibu na Ngazija, kilikuwa kinakuja upande wetu. Kusini mwetu hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha nguvu ile, na watu wa pwani ya Mtwara walikuwa wameambiwa wahamie sehemu salama. Simu ya kituo haikutulia. Nahodha mmoja alipiga kuuliza kama aivute boti yake nchi kavu, na kabla sijamaliza kumjibu akapiga mwenye duka la mabati, halafu mama mmoja ambaye hakuwa na swali lolote, alitaka tu kusikia kama tuko macho. Mlipokezana kwenda uwanjani kila saa mkiwa na tochi, mkirudi na namba za upepo na mgandamizo wa hewa, na aliyekuwa akirudi alikuta kikombe cha chai kimeshamiminwa na mwenzake. Sikumbuki mtu aliyeomba kwenda nyumbani, ingawa kila mmoja wetu alikuwa na nyumba na watoto chini ya anga lile lile.

Kimbunga kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Siku zilizofuata nilipokwenda sokoni nilipokelewa kwa kicheko: “Mama Hali ya Hewa, kimbunga chenu kimepotelea wapi?” Nikawa bado natafuta jibu la adabu, mwanamke aliyekuwa akiuza pweza meza ya tatu akawaambia wanyamaze, kwa kuwa dada yake ameolewa upande wa pili na paa lake limeondoka. Kicheko kikaisha pale pale. Hapa kwetu Wamakonde wana jamaa kwenye kingo zote mbili za mto ule, na kimbunga hakikuwa kimepotea, kilikuwa kimekwenda kwa ndugu. Niliandika habari hii kwa ajili ya wale mliovunjika moyo wiki ile mkisema tumewatisha watu bure. Mei 2024, tulipoambiwa Hidaya anakuja, sikumsikia mtu akicheka.

Yapo mengine niliyoyakata bila kusita. Habari za nyumba za watumishi na posho za usiku zitakuwemo kwenye risala, na katibu anazisema vizuri kuniliko. Shairi pia nimeliondoa. Waliowahi kunisikia nikighani watashukuru. Na nimemwondoa yule mkulima wa korosho wa Naliendele aliyekuwa akinipigia simu kila mwezi wa sita kuuliza kuhusu upepo wa alfajiri, apate kupuliza salfa majani yakiwa na umande na hewa imetulia. Nimemwondoa kwa sababu ataendelea kupiga. Namba ya kituo anayo, na anayepokea nimemwomba amjibu kwa upole hata akiuliza mara mbili, kwa kuwa sikio lake la kulia ni zito.

Makabidhiano tutayafanya Alhamisi saa nne, mara baada ya vipimo vya saa tatu. Funguo za stoo na za kabati la madaftari ya zamani ziko kwa Meneja. Madaftari ya tangu kabla kompyuta hazijafika nimeyapanga kwa mwaka, nikayafunga kwa kamba za katani na kuyainua kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa. Yaliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta yana alama ya wino wa kijani kwenye jalada, na yasiyokuwa na alama naomba sana yasisogezwe mpaka yaingizwe, maana hayana nakala popote.

Wawili mtakaokuwa zamu Ijumaa, sahani zenu nimeshazisemea kwa mama lishe, naye atazileta mwenyewe kabla mshereheshaji hajanikaribisha. Mimi nitapita kuwaaga kituoni baada ya sherehe, saa kumi na moja jioni, na nitasubiri mmalize vipimo ndipo tuongee.

Wenu katika kazi,
Mama Sifuri
Kituo cha Hali ya Hewa, Mtwara