Pendekezo la kikundi cha mazoezi ya nguvu saa ya chakula cha mchana

KWA: Meneja wa Ofisi
KUTOKA: Afisa Mwandamizi, Kitengo cha Kodi
NAKALA: Afisa Rasilimali Watu
TAREHE: 13 Julai 2026

YAH: OMBI LA KUANZISHA KIKUNDI CHA MAZOEZI YA NGUVU SAA YA CHAKULA CHA MCHANA

Shikamoo Mama.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu 13 waliojiorodhesha, kati yetu wafanyakazi 31 wa ofisi hii ya Dar es Salaam. Tunaomba mambo matatu: ruhusa ya kutumia chumba cha zamani cha mafaili kwa nusu saa mchana, mchango wa shilingi 230,000, na wiki nane za majaribio kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti.

Utakumbuka mwezi wa tano nilikaa nyumbani siku tatu. Sikuumia kwenye ajali wala mchezoni. Nilikuwa nabadilisha dumu la maji pale korido, nikainama nalo, mgongo ukakaza, nikabaki nimeshika ukuta hadi mlinzi alipokuja. Dumu lile lina lita 18.9, yaani halifiki kilo 20 likiwa limejaa. Mtoto wa darasa la kwanza ana uzito wa karibu na huo, na mama yake humbeba bila kufikiri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia: maji yakiisha, watu wazima wenye afya zao wanasimama wakisubiri mlinzi apande ghorofani. Tunakaa kitini kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, na msimu wa ritani tunazidisha. Miili inakubaliana na kile inachofanya kila siku, na sisi kila siku tunakaa.

Watu kadhaa hapa wanatembea jioni, wengine wanakimbia Jumamosi ufukweni. Ni vizuri, ila kutembea hakujengi mgongo wala mikono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku mbili kwa wiki, mbali na zile dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Hizo siku mbili ndizo tunazozitafuta. Jimu tumezijaribu. Kwa foleni ya kurudi Mbagala au Kimara, mtu akifika nyumbani saa 2 usiku hana hamu tena ya kutoka, na kwa akina mama wenye watoto wadogo hilo ndilo mwisho wa maneno.

RATIBA

Mapumziko yetu ni saa 7:00 hadi saa 8:00 mchana, na hayo ni muda wetu kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hatuombi hata dakika moja ya kazi. Zoezi litaanza saa 7:05 na kuisha saa 7:30, kisha kunawa, kubadili nguo na kula. Chakula ni baada ya zoezi, si kabla. Atakayekuja ameshiba ugali na maharage atajuta mwenyewe.

Tutagawanyika makundi mawili ya watu saba saba, ili meza ya mapokezi na simu za wateja zisibaki bila mtu:

Kundi la kwanza: Jumatatu na Jumatano.
Kundi la pili: Jumanne na Alhamisi.

Ijumaa hakuna, kwa sababu ya swala ya Ijumaa. Siku nyingine wanaoswali Adhuhuri wana nafasi ya kutosha kabla ya saa 7:00 au baada ya zoezi. Nimeshazungumza nao na hawakuona tatizo. Ramadhani ikifika kikundi kitasimama, tusimpe mtu aliyefunga sababu ya kuona aibu.

Najua swali lako litakuwa makataa ya TRA. Tarehe 6 na 7 za kila mwezi kwa ajili ya PAYE, na tarehe 18 hadi 20 kwa ajili ya VAT, hakuna zoezi kwa yeyote. Majaribio yataisha Alhamisi tarehe 24 Septemba, kabla ya pilikapilika za awamu ya tatu ya kodi ya makadirio ya tarehe 30. Nimechagua Agosti makusudi: ritani za tarehe 30 Juni zimeshapita na ofisi imepata pumzi.

CHUMBA

Tulifikiria paa kwanza. Pana nafasi na upepo, lakini saa saba mchana zege linachoma kama kikaango, na ukingo wake ni mfupi kuliko ninavyotaka kuona karibu na mtu aliyechoka. Ukumbi wa mikutano nao hauaminiki. Mteja akija ghafla tutakuwa tumelala sakafuni.

Kilichobaki ni chumba cha mafaili cha ghorofa ya chini, ambacho tangu mafaili ya zamani yapelekwe ghala kimekuwa makazi ya viti vibovu. Nimekipima: mita 5 kwa 7. Kila mtu akipewa eneo la mita 4 za mraba, watu saba wanatumia mita 28 za mraba, na zinabaki saba za kupita mlangoni. Ndiyo maana nasema saba, na wa nane atasubiri kundi jingine hata kama ni wewe Mama.

Chumba kina mambo manne ya kurekebisha. Viti vibovu vitoke. Rafu ndefu ya chuma iliyobaki ifungwe ukutani kwa skrubu au iondolewe, maana ikigongwa inayumba. Sakafu ni vigae vinavyoteleza vikipata jasho, kwa hiyo lazima mikeka ya mazoezi iwepo kabla ya siku ya kwanza. Na mlango wa kioo unahitaji pazia. Hili la mwisho dogo lina uzito wake: katika wanawake wanane waliojiorodhesha, watano waliniambia wazi kwamba hawatachuchumaa huku madereva wakipita koridoni. Kundi la pili ni la wanawake pekee kwa kuomba wenyewe, na tumeliacha hivyo.

Kiyoyozi hakipo, feni ya dari ipo na inafanya kazi. Bafu pia hatuna, kwa hiyo tumechagua mazoezi ya taratibu yenye kupumzika katikati, ambayo hayamwagi jasho kama kukimbia. Kitambaa, maji ya bomba na fulana ya kubadili vitatosha.

TUTAFANYA NINI HASA

Dakika tano za kupasha mwili moto, dakika kumi na saba za kazi, dakika tatu za kupoa. Mazoezi ni sita: kukaa na kuinuka kitini bila kushika, pushapu, kwa kuanzia ukutani, kisha mezani, kisha chini kwa anayeweza, kuinua dumu kutoka sakafuni kwa kukunja nyonga na magoti huku mgongo umenyooka, kuvuta mpira kuelekea kifuani, kutembea na dumu kila mkono, na plenki. Kila siku tunachagua matatu au manne kati ya hayo, seti mbili, marudio 8 hadi 12.

Uzito tutautoa kwenye madumu ya mafuta ya kupikia yaliyokwisha. Dumu la lita 10 ukilijaza maji ni kilo 10, ukilijaza nusu ni kilo 5, kwa hiyo kila mtu anajipimia. Vyuma vya jimu sivitaki hapa: ni ghali, na kikimdondokea mtu mguuni hakuna cha kuongea.

USALAMA

Hapa nimekaa zaidi kuliko mahali pengine, kwa sababu nimeshaonja maumivu ya mgongo.

Kabla ya kuanza, kila mtu atajibu maswali machache kwa Afisa Rasilimali Watu, faragha: ana tatizo la moyo, presha, kisukari, pumu? Amewahi kubanwa na kifua au kuzimia akifanya kazi nzito? Ni mjamzito, amejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni? Ana kiungo kinachouma? Ndiyo moja tu inatosha kumtaka alete neno la daktari kwanza. Mimi kama mratibu sihitaji kujua ugonjwa wa mtu, nahitaji kujua tu kwamba ameruhusiwa. Anayetumia dawa za sukari aulize pia kuhusu kufanya zoezi kabla ya kula.

Wiki mbili za kwanza tutamleta mwalimu wa mazoezi mwenye cheti, mara nne, atufundishe mkao. Baada ya hapo kila kundi litakuwa na kiongozi mmoja ambaye hafanyi zoezi siku hiyo, anaangalia. Sheria zetu ni hizi: hakuna mashindano ya nani anabeba zaidi, unaacha ukiwa bado na nguvu ya marudio mawili, hubani pumzi, unaitoa unaponyanyua, uzito hauongezwi mpaka umalize wiki mbili na ulionao, viatu vya raba ni lazima, kandambili hazikubaliki. Misuli kuuma siku moja au mbili baadaye ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla, kizunguzungu au kifua kubana si kawaida: mtu anakaa chini, zoezi la kundi zima linasimama, anaitwa mmoja wa wahudumu wetu wawili wa huduma ya kwanza, na gari la ofisi linakuwa tayari. Kwa hiyo tunaomba siku za mazoezi dereva mmoja asitumwe mbali kati ya saa 7:00 na saa 7:30. Sanduku la huduma ya kwanza la mapokezi nililifungua wiki iliyopita: bandeji zipo, glavu hazipo.

Jambo moja sitaki tulikisie. Fidia ya WCF ni kwa madhara yanayotokana na kazi. Mtu akiteguka mkono kwenye zoezi la hiari mchana, itahesabika? Naomba Afisa Rasilimali Watu awaulize kwa maandishi, aulize na bima yetu ya afya, na majibu yasomwe kwa wanakikundi kabla ya tarehe 3 Agosti. Wakisema haihusiki, kila mtu ataamua akijua.

GHARAMA

Mikeka 8 kwa shilingi 25,000: 200,000
Mipira ya kuvuta 8 kwa 15,000: 120,000
Madumu 12 kwa 2,500: 30,000
Mwalimu, mara nne kwa 40,000: 160,000
Jumla: shilingi 510,000

Sisi 14 tumekubaliana kuchanga 20,000 kila mmoja, ambazo ni 280,000. Tunaomba ofisi itujazie 230,000 zilizobaki. Pazia na skrubu za rafu naamini fundi wa jengo atazimaliza kwa vilivyopo stoo. Ikiwa bajeti haina nafasi, tupe chumba tu. Tutaanza bila mipira na tutaongeza mchango wa mwalimu.

Kila wiki nitakuletea daftari la mahudhurio na tukio lolote la kuumia, hata dogo. Mtu yeyote akichelewa kurudi mezani mara tatu anatoka kwenye kikundi, na makundi yote yakizoea kuchelewa, funga chumba bila kutuita kikaoni. Tarehe 24 Septemba, badala ya ripoti ndefu, nakukaribisha koridoni maji yatakapoisha uone ni wangapi kati yetu 14 wanalipandisha lile dumu wenyewe.

Nipo tayari kukuonyesha chumba siku yoyote wiki hii kabla ya saa nne asubuhi. Ningeshukuru kupata jibu kufikia Ijumaa tarehe 24 Julai, ili mwalimu tumwahi.

Naomba kuwasilisha.

Afisa Mwandamizi, Kitengo cha Kodi
Kwa niaba ya wanakikundi 14