Maoni kuhusu andalio la Hisabati, Darasa la Nne

Mwalimu,

Nimesoma andalio lako la kujumlisha sehemu zenye asili sawa. Utangulizi wa chungwa usiuguse.

Shida iko kwenye hatua ya maarifa mapya. Umeandika "mwalimu ataeleza" kwa dakika 20, wanafunzi "watasikiliza". Nusu ya kipindi! Wape karatasi wakunje sehemu nne sawa, wapake rangi 1/4, kisha 2/4 nyingine, waone wenyewe kwa nini jibu ni 3/4 na si 3/8. Wengi watajumlisha asili pia, kwa hiyo andaa swali la kuwanasa mapema.

Kwenye kuimarisha maarifa umerudia mifano ileile, badili tarakimu. Tafakuri bado tupu.

Niletee Alhamisi kabla ya paredi.

Mwalimu wako mlezi