Lushoto: maziwa ya jioni hayachachuki tena

Mteja wetu ni ushirika wa wafugaji 86 wilayani Lushoto. Kila wiki hupokea lita 3,500 za maziwa. Mwezi Machi, tulipofika, lita 420 kati ya hizo zilikuwa zinakataliwa na kiwanda kwa kuchachuka, karibu zote za jioni.

Tuliitwa kufunga umeme wa jua, kwa kuwa umeme wa gridi ulikatika mara kwa mara na jenereta ilikula dizeli lita 60 kwa mwezi. Lakini siku tatu za kukaa mapokezini na kipimajoto zilituonyesha jambo jingine: maziwa mengi yalifika yakiwa yameshaanza kuharibika. Madumu ya plastiki yana mikwaruzo na shingo nyembamba. Mkono hauingii kusugua.

Basi tulifunga paneli na tangi linalotunza barafu, ili maziwa yashuke hadi nyuzi 4 za Selsiasi hata umeme ukikatika usiku. Ushirika nao ukanunua makopo ya alumini, wanachama wakilipa kidogo kidogo kwa kukatwa kwenye malipo ya maziwa. Bila makopo hayo, tangi lingepoza maziwa yaliyokwisha kuharibika.

Baada ya miezi sita, maziwa yanayokataliwa ni lita 70 kwa wiki. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita, wafugaji wanaokoa shilingi 350,000 kila wiki. Dizeli imeshuka hadi lita 8 kwa mwezi.

“Zamani nilikuwa nawapa ndama maziwa ya jioni,” anasema mama mmoja mwanachama. “Sasa yanalipa ada.”