Barua ya kumpendekeza Neema, nafasi ya msaidizi wa utafiti maabara

Mkuu wa maabara, habari za kazi.

Neema nimemfundisha maikrobiolojia hapa chuoni Morogoro na sasa anamaliza digrii, naomba sana mumpe hiyo nafasi maana mkono wake ni msafi kweli, akichora bakteria kwenye sahani ya agari unapata koloni moja moja zimejitenga vizuri, na kwenye rangi ya Gramu hazidishi spiriti kama wengi wanavyofanya.

Otoklevu anaisimamia mwenyewe, 121°C dakika 15, na haifungui presha haijashuka. Kwenye daftari lake hata matokeo yaliyogoma yamo, hicho ndo nakipenda zaidi. Kuongea mbele za watu bado anaona aibu ila atazoea. Mkiwa na swali nipigieni tu.

Mwalimu wake wa maikrobiolojia